Nampongezaje intani wangu wakati usiku ule sikupokea simu?

Bibi Mkunga, shikamoo. Mimi ni daktari bingwa wa akina mama, hospitali naomba nisiitaje. Kuna intani wangu mmoja, nimwite Z, wiki hii anamaliza mwaka wake wa utarajali, na miezi yake ya leba alikaa chini yangu, zamu nyingi za usiku tulikuwa naye. Jumamosi maintani wanaagana, wamechanga kidogo wapate soda na pilau, na Z mwenyewe kaja ofisini kuniomba niseme neno la pongezi. "Dokta, wewe ndo umenifundisha usiku." Nikamwambia sawa. Tangu hapo silali vizuri.

Kuna usiku mmoja mama wa uzazi wa nne alijifungua salama saa 8:25, mtoto kilo 4 na ushee, kondo likatoka zima, halafu damu ikaanza kumwagika. Daktari wa wodi alikuwa thieta anafanya upasuaji wa mwingine. Z akanipigia saa 8:40. Akapiga tena, jumla mara nne mpaka saa 9:05. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala, simu niliiweka sailenti jioni nikiwa thieta nikasahau kuirudisha. Nimeshtuka saa 9:20 naona miskoli, nafika 9:45 nakuta damu imekata, Z kaweka puto la kondomu ndani ya kizazi peke yake na wakunga wawili, mama presha iliyoshuka inarudi juu. Yule mama aliondoka na mtoto wake kwa miguu yake.

Tatizo ni asubuhi. Kwenye ripoti mkuu wa idara akauliza kwa nini bingwa hakuitwa mapema, mama kapoteza kama lita moja na nusu. Nilikuwa nafungua mdomo, Z akasema, "Samahani, nilichelewa kupiga." Akasemwa mbele ya watu wote. Mimi nikanyamaza. Baadaye kwenye logibuku yake ile puto nikaandika "amesaidia", nikaweka sahihi. Kusema kweli niliogopa kuandika amefanya mwenyewe, wangeuliza bingwa alikuwa wapi.

Sasa hotuba nimeiandika mara tatu, kila nikisoma "ni mchapakazi na mnyenyekevu" naona aibu. Niseme yote mbele ya watu? Nimwite pembeni? Mke wangu anasema nisifukue makaburi, nimpongeze kawaida yaishe. Wewe umekaa leba miaka mingi, nisaidie.

Bingwa wa Zamu

—

Marahaba Daktari, na pole na usingizi. Barua yako nimeisoma usiku, nikaacha, nikairudia asubuhi na chai, maana mimi pia niko kwenye barua hii, sio kwa jina ila wale wakunga wawili uliowataja kwa neno moja tu ndio mimi wa miaka ile.

Naomba tuiache aibu yako kwanza tuanzie kwa Z, maana sherehe ni yake. Hiyo hotuba yako ya "mchapakazi na mnyenyekevu" hata isingekuwa na usiku ule ndani yake bado ingekuwa hotuba ya intani yeyote. Nimehudhuria kuagana kwa maintani mpaka nimechoka pilau, na kila mwaka mabingwa wanasema maneno hayo hayo, watoto wanapiga makofi, wanaondoka hawajui hata mmoja wao alifanya nini kizuri. Wewe una kitu ambacho wenzako wengi hawana, unajua dakika kwa dakika huyu binti alifanya nini. Au unajua? Maana kwenye barua umeandika "kaweka puto" basi, kama vile puto ndio habari yenyewe.

Puto ni mwisho wa habari. Mama wa uzazi wa nne, mtoto mkubwa, kondo limetoka zima, damu inamwagika, kila mtu leba anajua mshukiwa wa kwanza ni kizazi kulegea, unaweka mkono juu ya tumbo unakuta laini kama unga uliozidi maji badala ya kuwa kigumu kama nazi. Hapo mikono inaanza kukanda, dripu mbili zinawekwa kwa kanula kubwa, oksitosini ya kukaza kizazi inaingia kwenye dripu, misoprosto ya kazi hiyo hiyo inawekwa chini ya ulimi, traneksamiki ya kusaidia damu igande gramu 1 inasukumwa taratibu dakika 10, na hii wewe unajua kuliko mimi kwamba ikicheleweshwa kila robo saa faida yake inapungua na ikipita saa 3 tangu mama ajifungue haina kazi tena. Halafu kuna kile kitu ambacho maintani tisa kati ya kumi wanakisahau, kibofu. Mama kalala na mkojo kaujaza, kizazi hakiwezi kujikaza kwa sababu kimesukumwa juu, watu wanamwaga dawa na damu inaendelea, na suluhisho ni katheta tu, ule mpira wa kutoa mkojo.

Sasa jiulize, Z alitoa mkojo kabla ya puto? Na je, alichungulia? Hili ndilo ningetaka kulijua kuliko yote. Puto la kondomu linasaidia kizazi kilicholegea, haliwezi kuziba mchaniko wa shingo ya kizazi na halifai kama kipande cha kondo kimebaki ndani. Mtoto wa kilo 4 anaweza kuchana. Ukiweka puto juu ya mchaniko unajidanganya, damu inapita pembeni, unapoteza nusu saa ukifikiri umetibu. Kwa hiyo mtu aliyesimama saa 9 usiku mikono mpaka kwenye viwiko ni damu, bingwa wake hapokei, akasema subirini, nishikieni tochi, niangalie shingo pande zote kwanza, halafu ndio akafunga kondomu kwa uzi kwenye katheta na kuijaza maji ya dripu polepole huku anatazama damu inakata wapi, huyo kafanya jambo la daktari aliyeiva. Kama alifanya hivyo. Nenda kasome faili ujue, usimpongeze kwa kubahatisha.

Na ukilisoma faili Daktari utakutana na jambo jingine. Barua yako yote imesimama juu ya wazo kwamba siri hii iko kati yako na Z. Nani kakwambia? Mkunga wa zamu anaandika. Sisi tulifundishwa kuandika saa, jambo, sahihi. Ningekuwa mimi usiku ule ungekuta kwa mwandiko wangu "saa 8:40 daktari bingwa amepigiwa simu, haipokelewi", chini yake "saa 8:50 amepigiwa tena", na sio kwa chuki, ni kwa sababu mama akifa ndio karatasi itakayoulizwa. Wale wawili wanajua. Yule mhudumu aliyekimbilia damu maabara anajua. Daktari wa wodi alipotoka thieta aliambiwa kabla hajavua glavu. Kwa hiyo Jumamosi ukisimama na soda mkononi, nusu ya chumba wanajua na wanasubiri kuona utapita wapi. Sisemi hivi kukutisha, nasema tu kwamba mke wako anaposema usifukue makaburi, kaburi hilo halijawahi kufukiwa.

Sasa tuje kwenye lile neno la Z, "nilichelewa kupiga." Wewe umelichukua kama amekubebea mzigo kwa heshima, na inawezekana, vijana wetu wamelelewa kutomwaibisha mkubwa mbele za watu. Lakini mimi nimewaona maintani wakisema hivyo kwa sababu nyingine kabisa. Wengine wanaogopa, maana sahihi ya logibuku iko mikononi mwako na bila logibuku kukamilika hawasajiliwi kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika, mwaka mzima unaning'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja. Wengine, na hawa ndio wananiuma, wanaamini kweli. Mtoto kakesha, kaona damu lita moja na nusu chini ya miguu yake, asubuhi anaulizwa kwa ukali kwa nini hukuita, kichwa kinaanza kumwambia labda kweli nilichelewa, labda ningepiga saa 8:30. Mtu anaweza kuondoka na kumbukumbu ya uongo dhidi yake mwenyewe. Wewe hujui Z yuko kundi gani na mimi sijui, na hotuba itakuwa tofauti kabisa kwa kila kundi. Kama alikusitiri kwa hiari, ukimwaga yote hadharani bila kumwambia unamvua na yeye, maana wataona kumbe alidanganya kwenye ripoti. Kama aliogopa, atakaa kwenye kiti anatetemeka hajui unaelekea wapi. Kama anaamini alikosea, maneno yako yatamfungua, ila nadhani hayo asingependa kuyasikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu 40 na mziki umepunguzwa.

Ndio maana mimi, na hii ni mimi tu, naona kabla ya Jumamosi kuna mazungumzo ya watu wawili. Sio ofisini kwako ambako yeye anasimama na wewe umekaa. Hata pale kwenye benchi nje ya leba mnapokunywa chai saa 11 alfajiri. Usianze na samahani ndefu, samahani ndefu inamlazimisha aliyekosewa aanze kukubembeleza wewe, "hapana dokta, usijali dokta", na mnaishia yeye ndiye anakufariji. Muulize kwanza. "Usiku ule, ulipoona sipokei, ulifikiria nini?" Halafu nyamaza, hata kama kimya kinachoma. Atakachosema ndicho kitakachokuonyesha pongezi inaanzia wapi.

Kuna hatari huko pia, sikufichi. Anaweza kukwambia alikuwa na hasira na bado anayo. Anaweza kukwambia dokta, niliwaza mama akifa mimi ndio nitafungwa. Anaweza akasema tu "nimeshasahau" na ukajua hajasahau, na hapo huna cha kufanya, umefika umechelewa na ana haki ya kukunyima msamaha. Kubali hilo kabla hujaenda kwenye benchi.

Logibuku nayo. Hili mimi nalitenga na hotuba kwa sababu halihusu hisia zako wala zake, ni kumbukumbu ya kazi na sasa hivi inasema uongo. Umeandika "amesaidia", amesaidia nani, wewe ulikuwa kitandani. Kalamu nyekundu na wino wa kufuta usiguse, unajua utaratibu, unapiga mstari mmoja ili maandishi ya zamani yaendelee kusomeka, unaandika "amefanya mwenyewe", tarehe ya leo, sahihi. Ongea na mratibu wa maintani kabla kitabu hakijaondoka. Utaulizwa kwa nini, ndio. Jibu la swali hilo ndilo ulilolikimbia mara ya kwanza na sidhani kuna njia ya kulizunguka mara ya pili, ila wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti cha mkuu wako kuulizwa, sio mimi, na najua idara zingine kukiri kosa moja kunamgharimu mtu hata cheo. Pima. Pima pia kwamba Z anaweza akaenda kuomba kazi mahali wakamuuliza umewahi kuweka puto mwenyewe, akasema ndio, wakafungua kitabu.

Hotuba yenyewe sasa. Naona una njia kama mbili baada ya benchi. Unaweza kumpongeza kwa usiku ule bila kutaja simu, ukaeleza, kama faili linathibitisha, alivyokanda, alivyokumbuka kibofu, alivyochungulia kabla ya kuweka puto, ukasema wazi "bingwa hakuwepo, alifanya yeye na wakunga wawili". Maneno hayo mawili, bingwa hakuwepo, wenye kujua watajua na wasiojua watasikia sifa tu. Ubaya wake ni kwamba mkuu wa idara bado anaamini Z alichelewa. Au unaweza kusema yote, "alinipigia mara nne, mimi ndiye niliyechelewa, na asubuhi nilimwacha asemwe." Hiyo ni nzito na maintani wanaobaki wataikumbuka kuliko pilau, lakini angalia isije sherehe ya Z ikageuka kuwa siku ya bingwa kutubu, watu wakaondoka wanakusifia wewe kwa ujasiri na yeye kasahaulika pale na kipande cha keki. Nimeshaona hilo, bingwa analia, wanawake wote tunamzunguka yeye. Kama utachukua njia hii labda mkuu wa idara umwambie siku nyingine, kwenye ripoti ya asubuhi kama ile Z aliposemwa, na Jumamosi ibaki sentensi moja. Na muulize Z anataka ipi. Na yule mama asitajwe kwa namna itakayomfanya mtu amjue, hata mji wake usiutaje, leba ina masikio.

Kuna kitu kidogo nasita kukitaja kwa sababu kinaweza kusikika kama tunamrudishia Z lawama. Dakika 25 alipiga namba moja. Kwa ulivyoandika, hakumpigia bingwa mwingine, hakutuma mtu mlango wa thieta. Ni kosa? Kwangu hapana, kwa sababu ninavyokisia hakuna aliyewahi kumwambia bingwa asipopokea mara mbili unapiga wapi. Enzi zetu tulikuwa na karatasi imebandikwa na plasta ukutani juu ya sinki, namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ilikuwa kawaida mtu mmoja kati yetu kazi yake usiku huo ni simu tu, anaiweka sipika kwenye stendi ya dripu ili daktari aongee huku mikono yake iko kazini. Hilo usiliweke kwenye hotuba kabisa. Liweke ukutani wewe mwenyewe wiki hii, kwa ajili ya maintani wanaoingia.

Ila kwenye benchi unaweza kulisema kwa namna nyingine, maana Z sasa anaondoka na huenda akapangiwa hospitali ya wilaya ambako usiku daktari ni yeye, na mkunga atampigia yeye saa 8:40. Atajifunza kupokea simu kutoka kwa nani? Kama alichobeba kutoka kwako ni kwamba ukiita hawaji na asubuhi unasemwa wewe, basi siku moja atasita kuita hospitali ya rufaa mpaka mama awe baridi. Kwa hiyo naona pongezi ya kweli ingekuwa na kipimo ndani yake, mwambie yapi umeona kwa macho au kwa faili kwamba anaweza peke yake, na yapi bado aite mapema. Kwa mfano dawa mbili za kwanza zikiingia na kizazi bado laini, asingoje kuona ya tatu itafanya nini ndio apige, apige wakati ya tatu inaandaliwa. Damu nyekundu inayotiririka na kizazi kigumu, hiyo ni mchaniko mpaka ithibitike vinginevyo, aite mtu wa kushona. Damu iliyochukuliwa kwenye chupa kavu ya kioo ikikaa dakika 7 haijaganda, hapo puto halitamwokoa, atafute damu na usafiri kwa wakati mmoja. Hayo anayajua kwenye kitabu, lakini akiyasikia kutoka kwa aliyekuwa naye usiku yanakaa sehemu nyingine.

Najua utataka kumalizia kwa kumwambia "namba yangu unayo, nipigie saa yoyote." Mabingwa wote wanasema hivyo siku ya kuagana. Wewe ukilisema, Z atalisikia na masikio ya ule usiku. Unaweza usiliseme. Unaweza ukamwambia siku zipi unapatikana kweli na zipi hupatikani, ukampa na namba ya mwenzako. Mimi nina binti yangu mmoja, daktari, nilikuwa naye leba akiwa intani, bado ananipigia mpaka leo na mimi nimestaafu siwezi hata kushika sindano, na ninachofanya ni kupokea tu na kumwambia, "kibofu umekitoa mkojo?"

Niandikie baada ya Jumamosi unieleze Z alisema nini kwenye benchi. Na hiyo simu Daktari, siku hizi ukitoka thieta unaiweka wapi?

Bibi Mkunga